Kisukari, aspirini na dawa ya lehemu: nani ameze nini, na kwa nini

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Si jambo geni katika kata zetu kumkuta mwenye kisukari akimeza kidonge cha aspirini kila asubuhi kwa sababu tu jirani yake mwenye ugonjwa kama wake anakimeza. Wala si jambo geni kumkuta mwingine aliyeandikiwa dawa ya kushusha lehemu akiiacha baada ya mwezi mmoja, kwa hoja kwamba majibu ya maabara yalionesha lehemu yake haijapanda. Wote wawili wana nia njema. Hata hivyo, huyo wa kwanza huenda anajitafutia kutokwa damu tumboni pasipo faida ya kutosha, na huyo wa pili huenda ameitupa kinga ambayo angeihitaji kuliko nyingine zote.

Makala hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wenye kisukari cha aina ya pili na wale wanaowauguza, inaeleza jinsi watoa huduma wanavyoamua nani apewe dawa ipi kati ya hizo mbili. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: ingawa dawa hizi mara nyingi hutajwa pamoja, kila moja huamuliwa kwa swali lake. Dawa ya lehemu huanza na swali la umri. Aspirini huanza na swali la historia: je, umewahi kupata kiharusi cha damu kuganda, au shambulio la moyo?

Kinachotokea ndani ya mshipa

Sukari inayokaa juu kwa miaka huukwangua taratibu utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu. Penye mkwaruzo, lehemu mbaya iliyomo katika damu hupenya na kujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, mfano wa uchafu unaojijenga ndani ya bomba la maji. Mgonjwa hahisi chochote. Siku moja uvimbe huo mdogo hupasuka. Mwili hudhani umepata jeraha, na chembe za damu zinazohusika na kuziba majeraha, ziitwazo chembe sahani, hukimbilia hapo na kushikamana. Donge la damu hutengenezwa na mshipa huziba. Ukiziba mshipa wa moyo, hilo ni shambulio la moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi.

Dawa za kushusha lehemu, zinazoitwa statini, hufanya kazi mwanzoni mwa mkasa huo. Hulifanya ini litengeneze lehemu kidogo na kuivuta zaidi lehemu mbaya kutoka katika damu, na baada ya muda uvimbe uliokwisha kujengeka hutulia na kuwa mgumu kupasuka. Atovastatini, simvastatini na rosuvastatini zote ni za kundi hili.

Aspirini hufanya kazi mwishoni. Huziondolea chembe sahani uwezo wa kushikamana, na chembe iliyokwisha kuguswa na aspirini hubaki hivyo hadi ife, yaani kwa siku saba hadi kumi. Hapo ndipo penye nguvu ya aspirini na ndipo penye gharama yake. Chembe hizohizo ndizo zinazoziba kidonda kidogo cha tumbo na mshipa mdogo uliopasuka kichwani. Aspirini haiwezi kuchagua izuie donge lipi na iache lipi. Zaidi ya hayo, hupunguza ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Statini haina gharama ya namna hiyo, na ndiyo sababu maamuzi ya dawa hizi mbili hayafanani.

Kaya moja, watu wanne

Tuchukue mfano wa kaya moja. Kaya hii ni ya kubuni, lakini watu wenye hali kama hizi wanapatikana katika kata yoyote. Baba ana miaka 63 na ana kisukari. Miaka miwili iliyopita mkono wake wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda. Alipopelekwa hospitali, picha ya kichwa ilionesha mshipa ulioziba. Mama ana miaka 56, ana kisukari kwa mwaka wa tisa na shinikizo la damu la 150 kwa 90, lakini hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo. Mdogo wake mama ana miaka 34 na amegundulika na kisukari mwaka jana. Bibi, mama yake baba, ana miaka 78, naye ana kisukari.

Baba anatumia aspirini miligramu 75 na atovastatini miligramu 40 kila siku. Mama, kwa kuona mumewe amepata nafuu, alianza kumega kutoka katika pakiti ileile ya aspirini. Siku ya kliniki muuguzi alimwuliza, “Mama, hii aspirini nani alikuandikia?” Akajibu, “Hakuna, mwanangu. Ni ya mzee. Si sote tuna sukari?”

Ni kweli wote wana sukari. Lakini majibu ya swali la umri na swali la historia hayafanani kati yao, na hapo ndipo panapoamua.

Swali la kwanza: umri, na dawa ya lehemu

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili aliyefikisha miaka 40, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa huduma za ngazi ya msingi unaelekeza apewe statini, hata kama hajawahi kuugua moyo wala kiharusi. Haisubiriwi lehemu ipande kwanza. Hili ndilo linalowashangaza wengi, basi tulifafanue.

Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao CARDS, uliofanyika Uingereza na Ailandi kwa watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wenye umri kati ya miaka 40 na 75. Hakuna aliyekuwa amepata ugonjwa wa moyo au kiharusi, na lehemu yao mbaya haikuwa ya juu. Kila mmoja alikuwa na angalau jambo moja jingine la hatari, kama shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, au dalili kwamba kisukari kimeanza kugusa macho au figo. Nusu walipewa atovastatini miligramu 10 kwa siku, na nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Katika muda wa takribani miaka minne, kati ya kila watu 1,000 waliomeza kidonge kisicho na dawa, 90 walipata tukio kubwa la moyo au kiharusi. Kwa waliomeza atovastatini, waliopata ni 58. Viharusi peke yake vilipungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo namba ya lehemu inayosomeka “nzuri” kwa mtu asiye na kisukari haimwondolei hatari mwenye kisukari, maana mishipa yake imekwisha kukwanguliwa. Kwake lengo si kuirudisha lehemu katika hali ya kawaida. Lengo ni kuishusha chini ya pale ilipo, ipate kupungua ile inayopenya katika ukuta wa mshipa.

Mama wa kaya yetu ana miaka 56, na lehemu yake mbaya ni 2.9, namba ambayo haikumtia mtu wasiwasi. Hata hivyo, anafanana sana na washiriki wa utafiti ule: umri uleule, kisukari, shinikizo la damu lililopanda, na lehemu isiyo ya kutisha. Anastahili statini, na hadi siku ile hakuwa ameanza. Kidonge alichokuwa akikimeza hakikuwa chake, na kilicho chake hakuwa akikimeza.

Kijana wa miaka 34 hajafikisha 40, kwa hiyo kwake umri peke yake hauamui. Mtoa huduma hutazama mambo mengine: je, mkojo una protini, ishara kwamba figo zimeguswa? Shinikizo la damu likoje? Anavuta sigara? Mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua moyo angali kijana? Yakiwepo mambo hayo, statini inaweza kuanzwa mapema. Yasipokuwepo, anaweza kusubiri huku akipimwa kila mwaka. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa kuna sharti la ziada: statini haianzwi kwa mjamzito, na anayeitumia akitaka kushika mimba humweleza mtoa huduma mapema ili aiache.

Kwa bibi wa miaka 78 utaratibu ni mwingine tena. Mzee aliyekuwa akitumia statini na inamkubali huendelea nayo. Kuvuka miaka 75 si sababu ya kumwachisha. Ambaye hajawahi kuitumia, uamuzi wa kuanza hufikiwa kwa mazungumzo, kwa kuangalia nguvu za mwili wake, wingi wa dawa anazomeza na matakwa yake mwenyewe.

Swali la pili: historia, na aspirini

Kwa baba jibu ni rahisi. Amekwisha kupata kiharusi, na picha ilithibitisha kuwa kilitokana na mshipa kuziba. Uwezekano wa kuzibiwa tena ni mkubwa kuliko uwezekano wa aspirini kumletea kutokwa damu kubaya, kwa hiyo anaimeza kila siku kwa dozi ndogo. Statini yake nayo ni ya dozi kubwa kuliko atakayopewa mkewe, kwa sababu hatari yake ni kubwa zaidi. Haifai aiache aspirini kwa ghafla bila ushauri. Hata akienda kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kwamba anaitumia.

Tuangalie neno “picha ilithibitisha”. Kiharusi kipo cha aina mbili: cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka. Kwa macho haviwezi kutofautishwa. Mkono hulegea na mdomo hupinda kwa vyote viwili. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, ambako watu wengi huishi na shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kiharusi cha kupasuka huchukua sehemu kubwa zaidi kuliko katika nchi tajiri. Ndiyo maana ndugu hawapaswi kumpa aspirini nyumbani mtu aliyepinda mdomo. Kama mshipa umepasuka, aspirini humwagia mafuta moto uliokwisha kuwaka. Mgonjwa wa namna hiyo hawahishwi dukani kutafutiwa kidonge, anawahishwa hospitali.

Kwa mama, ambaye hajawahi kupata tukio lolote, jibu lilitafutwa katika utafiti mwingine mkubwa wa Uingereza uitwao ASCEND, uliotangazwa mwaka 2018. Watu 15,480 wenye kisukari, wasio na ugonjwa wa moyo wala wa mishipa, walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka saba. Nusu walimeza aspirini miligramu 100 kila siku. Kati ya kila 1,000 ambao hawakupewa aspirini, 96 walipata tukio kubwa la moyo au mishipa. Kati ya waliopewa, 85. Hiyo ni faida ya watu 11. Lakini waliotokwa damu vibaya walikuwa 32 kwa kila 1,000 upande usio na aspirini, na 41 upande wa aspirini. Hiyo ni hasara ya watu tisa. Alichopewa mmoja kwa mkono wa kulia, mwingine karibu alinyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Utafiti huo haukufanyika kwetu, nasi tuusome kwa uangalifu. Ila tofauti iliyopo inatuongezea tahadhari badala ya kuipunguza, kwa kuwa shinikizo la damu lisilodhibitiwa huongeza uwezekano wa damu kuvuja kichwani.

Hivyo basi, kwa mwenye kisukari ambaye hajawahi kupata tukio, aspirini si dawa ya kila mtu. Kwa aliye chini ya miaka 50 asiye na hatari nyingine, haishauriwi. Kwa aliyevuka 70, hatari ya kutokwa damu kwa kawaida huizidi faida, hivyo bibi wa miaka 78 haanzishiwi. Kati ya miaka hiyo wapo wachache, wenye hatari kubwa ya moyo na hatari ndogo ya kutokwa damu, ambao daktari anaweza kuijadili nao. Mama wa miaka 56 yumo katika umri huo, lakini shinikizo lake la 150 kwa 90 linafunga mlango kwa sasa: kwanza lidhibitiwe. Na likidhibitiwa, hatari yake ya kiharusi itakuwa imeshuka, pengine kiasi cha kutoihitaji kabisa aspirini.

Hatari hupimwaje?

Mtoa huduma hakisii tu. Shirika la Afya Duniani limetoa chati za kukadiria uwezekano wa mtu kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi ijayo, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una chati yake. Huangaliwa umri, kuanzia miaka 40 hadi 74, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu la juu, kiwango cha lehemu yote na kama mtu ana kisukari. Mistari ikikutana huonesha rangi, kuanzia kijani kwa hatari ndogo hadi nyekundu iliyoiva kwa hatari kubwa sana. Iko pia chati isiyohitaji maabara, inayotumia uzito na urefu badala ya lehemu, lakini hiyo haina nafasi ya kuingiza kisukari. Kwa mwenye kisukari inaweza kuionesha hatari kuwa ndogo kuliko ilivyo. Ni haki yako kuuliza, “Daktari, nimeangukia rangi ipi?”

Ambaye amekwisha kupata kiharusi au shambulio la moyo hapimwi kwa chati. Yeye tayari yumo katika hatari kubwa.

Makosa yanayojirudia, na jinsi ya kuyatambua

Kosa la kwanza ni dozi. Aspirini ya kukinga ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa dukani ni vya miligramu 300, yaani mara nne ya dozi ya 75. Kukimeza kizima kila siku hakuongezi kinga. Huongeza vidonda vya tumbo. Soma namba kwenye pakiti kabla ya kununua.

Kosa la pili ni kuchanganya. Anayetumia aspirini kisha akanunua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo au magoti hulipiga tumbo lake mara mbili. Mweleze mhudumu wa duka la dawa kwamba unatumia aspirini, akupatie dawa nyingine ya maumivu. Ukiona choo kimekuwa cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kinachofanana na masalia ya kahawa, au ukipata kizunguzungu na kuishiwa nguvu pasipo sababu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kidonge chenye gamba la kukinga tumbo hakiondoi hatari hiyo, kwa sababu aspirini huliathiri tumbo hata ikipitia katika damu.

Kosa la tatu ni kuiacha statini kwa maumivu ya kwanza ya misuli. Maumivu ya namna hiyo ni ya kawaida kwa watu wa umri mkubwa, na mengi hayatokani na dawa. Rudi kliniki, dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Ila misuli ikiuma sana hata ukashindwa kunyanyuka, na mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, acha dawa na uende hospitali mara moja. Hali hiyo ni nadra, lakini ikitokea huweza kuharibu figo. Statini hupandisha sukari kidogo kwa baadhi ya watu. Kwa mwenye kisukari, kinga anayoipata huizidi mbali athari hiyo.

Kosa la nne ni kunyamaza kuhusu dawa nyingine. Simvastatini haipatani na baadhi ya dawa za bakteria kama erithromaisini na klarithromaisini, baadhi ya dawa za fangasi, wala baadhi ya dawa za ARV, hasa za mstari wa pili. Zikikutana, statini hujaa mwilini na kudhuru misuli. Simvastatini humezwa usiku. Atovastatini humezwa saa yoyote, mradi iwe saa ileile kila siku.

Siku ya kliniki

Mama wa kaya yetu alitoka kliniki akiwa ameachishwa aspirini, ameongezewa dawa ya shinikizo la damu, na ameandikiwa atovastatini. Atarudi kupimwa lehemu baada ya wiki 4 hadi 12, kuona kama dawa inafanya kazi, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Baba ameendelea na zote mbili. Pakiti zao sasa zinakaa katika vikopo viwili tofauti, kila kimoja na jina lake.

Ndugu mkazi, siku yako ya kliniki ikifika, beba vidonge vyote unavyomeza, vikiwemo vya dukani na vya miti shamba, pamoja na kadi yako ya kisukari. Uliza maswali matatu: Je, kwa umri wangu nastahili dawa ya lehemu? Je, kuna sababu mahususi ya mimi kutumia aspirini? Je, shinikizo langu la damu limedhibitiwa? Kama unameza aspirini na hujawahi kuugua kiharusi wala moyo, usisubiri hadi tarehe ya kliniki. Fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ukaulize. Lakini kama uliandikiwa aspirini baada ya kiharusi au shambulio la moyo, usiiache kwa sababu ya kusoma makala hii. Yako ina sababu yake.